Nimeweka mahindi ghala Trans Nzoia, benki wanataka kunipa mkopo juu ya stakabadhi. Nichukue ama niuze tu nimalize?

mkaa_changamwe
Wakuu salamu. Mie naishi Changamwe, kazi yangu ni ya makontena, lakini marehemu mzee alituachia shamba kidogo huko Kiminini na kaka yangu ndo analisimamia. Mwaka huu tumevuna vizuri, gunia 200 za kilo 90. Dalali alikuja shambani akasema 2,900 kwa gunia mbichi hivyohivyo, achukue siku hiyohiyo. Kaka akaniambia tusiuze, twende ghala lenye leseni ya stakabadhi, tungoje bei ipande huko mwezi wa tano. Mie nikakubali.

Sasa shida mbili. Kwanza, tumepeleka kilo 18,000 juu ya mizani, karatasi imerudi na kilo 16,780. Kilo 1,220 zimeenda wapi? Hizo ni gunia 13 na nusu jamani! Kaka anasema ni unyevu, ilipimwa 18 wakakausha hadi 13. Haya, nikapiga hesabu mwenyewe, 18 toa 13 ni 5, asilimia 5 ya 18,000 ni kilo 900. Hizo 320 nyingine je? Naona kama kuna mtu amekula.

Pili, benki wako tayari kutupa asilimia 70 ya thamani. Bei wamepiga 3,200 kwa gunia, riba 16 kwa mwaka, miezi sita, na ada ya asilimia 2 wanakata mwanzo. Inakuja kama 417,000. Mie nahitaji karo ya Januari 90,000 na mbolea na mbegu kama 120,000 mwezi wa tatu. Nichukue zote? Kukodi nafasi ghalani ni 25 kwa gunia kwa mwezi. Kukausha nshalipa 14,000.

Nisaidieni kabla ya Jumatatu, kaka ananipigia simu kila saa.

kasimu_mtaji
Chukua zote bro usilaze damu. Mahindi yako yameshashika dhamana, hupotezi kitu. Bei ikianguka unawaachia hayo mahindi yao wajipange nayo, wewe 417 yako ushaila. Mie kila mwaka naweka mahindi na mwezi wa sita lazima upate juu ya asilimia 30. Lazima. Tena ningekuwa wewe hiyo ya ziada ningenunua mahindi mengine saa hii yakiwa chini niweke pia.

fwadhi_kliaringi
Kaka angalia sana hiyo godauni isije ikawa siku za bure zimeisha, wakianza kuhesabu kwa siku utalia. Na mzigo ukikaa sana bila kulipiwa ushuru forodha wanapiga mnada. Kontena lako limeingia lini?

mkaa_changamwe
@fwadhi_kliaringi hapana shekhe, hii si mzigo wa bandarini. Ni mahindi yetu ya shamba, ghala la nafaka huko Kitale.

fwadhi_kliaringi
Aaa nimesoma mbiombio nikaona ghala na makontena. Samahani. Endeleeni.

mzee_mizani
Mwanangu wa Changamwe, kabla hujamtukana mtu wa ghala sikiza. Mie nimepima nafaka miaka mingi kabla sijarudi kukaa Likoni, na hili swali lako nimeulizwa na watu mpaka wengine wakataka kunipiga.

Kosa lako ni kutoa 18 kwa 13. Unyevu hautolewi hivyo. Chukua kilo 100 za mahindi yako yale mabichi. Ndani yake kilo 18 ni maji na kilo 82 ni mahindi yenyewe makavu. Ukikausha, zile 82 hazipungui, kinachotoka ni maji tu. Sasa mwisho wa kukausha unataka maji yawe 13 kwa mia, maana yake zile 82 ziwe ni 87 kwa mia ya uzito mpya. 82 gawa kwa 0.87 unapata 94.25. Kwa hivyo kila kilo 100 imerudi 94 na robo. Kwa kilo zako 18,000 inakuja 16,966.

Yaani unyevu peke yake umekula 1,034, si 900. Hapo zimebaki 186 mpaka ifike 16,780. Hizo ni takataka, vumbi, magunzi, punje zilizovunjika zinazopita kwenye chekeche. 186 kwa mzigo wako ni asilimia moja na kidogo. Kwa mahindi yaliyopukuchuliwa na mashine ya kijijini hiyo si mbaya hata kidogo, nimeona tatu, nimeona nne.

Kwa hivyo hakuna aliyekula. Ila ungekuwa na haki ya kushuku kama usingekuwa na namba ya unyevu ya kuingia. Angalia karatasi ya mizani, iwe imeandikwa unyevu wa kuingia na wa kutoka, na kaka yako alikuwepo mashine ikisomwa. Sampuli inatolewa kwa bambo gunia mbalimbali, si gunia moja la mlangoni, manake gunia la juu ya lori limepigwa jua njia nzima na la chini limelala kwenye umande. Ukipima la chini tu wewe umeumia, ukipima la juu tu ghala limeumia.

Jambo moja zaidi. Hakikisha unachoshika ni stakabadhi yenyewe, si karatasi ya mizani.

mkaa_changamwe
Mzee wangu shikamoo, nimerudia hiyo hesabu mara tatu na simu, kweli inakuja 16,966. Nimempigia kaka nimwombe radhi manake nilishamwambia maneno. Karatasi ina unyevu wa kuingia 18.0 na wa kutoka 13.0. Lakini kiwango si 13.5? Mbona wameshusha hadi 13, si ni kilo zangu hizo?

mzee_mizani
Marahaba. Ndiyo, kiwango chetu cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni 13.5 mwisho. Lakini mahindi yakienda kulala miezi sita watu wa ghala hushusha kidogo zaidi wajilinde, kwa sababu mahindi ya 13.5 yakipata joto na hewa mbaya yanaanza kuharibika. Kilo ulizopoteza kutoka 13.5 hadi 13 ni kama 98 hivi. Unaweza kuliuliza, si dhambi, ila ukishaweka sahihi ndo basi. Na wakati wa kuuza hao hao wasagaji wa unga watakupenda kwa 13.

bi_nuru_tudor
Mie nimefanya kazi ya mikopo ya kilimo miaka kumi na moja, nimeacha sasa nina biashara yangu hapa Tudor. Nianze na @kasimu_mtaji manake umempotosha mwenzio.

Mkopo wa stakabadhi si rehani ya mtumba kwamba unaacha saa unaondoka. Soma mkataba, kuna mstari unasema mkopaji anabaki na deni lote. Mahindi yakiuzwa na pesa isitoshe, salio linakufuata wewe, na jina lako linaenda kwa wale wanaoweka rekodi za wakopaji. Hiyo "waachie mahindi yao" haipo.

Na huwa hawangoji mpaka mwisho. Tuseme umechukua 417,000 na mwezi wa tatu bei imeshuka mpaka 2,600. Mahindi yako gunia 186 yanakuwa na thamani ya 484,000 na kitu. Deni lako na riba ya miezi mitatu limefika 433,000 na zaidi. Ulianza ukiwa 70 kwa mia, sasa uko karibu 90. Hapo simu inalia: ongeza pesa ama ongeza mahindi, la sivyo tunauza. Unauzishwa wakati bei iko chini kabisa, yaani lile ulilokuwa unalikimbia shambani umelikuta benki, tena sasa na riba juu.

kasimu_mtaji
Dada Nuru sijakataa, lakini bei kushuka mwezi wa tatu ni nani ameiona? Mahindi hupanda kutoka Januari. Hii ni kawaida ya miaka yote.

bi_nuru_tudor
Kawaida ndiyo, ya miaka yote hapana. Kumbuka 2023. Katikati ya mwaka gunia lilikuwa limepita 5,000, kila mtu akaona mahindi ni dhahabu. Mvua zikaja nzuri, na ruhusa ya kuingiza mahindi bila ushuru ilikuwa imetolewa, mavuno ya mwisho wa mwaka yakawa makubwa. Serikali ikatangaza bodi ya nafaka, NCPB, inunue kwa 4,000, lakini nje ya bodi madalali walikuwa chini ya hapo kabisa. Waliohifadhi wakingoja ile bei ya 5,000 irudi 2024 hawakuiona. Na wewe uko Mombasa bwana, ndo mtu wa kwanza kuona meli ya nafaka ikiingia bandarini, mwenye mahindi Kitale anaisikia baadaye.

dalali_kongowea
Hapo dada amesema. Mie niko Kongowea, sinunui kwa stakabadhi wala nini, nanunua kwa gunia. Nawaambia ukweli hapa pwani mahindi ya Kitale yanashindana na ya Tanzania yanayopita Lunga Lunga na Taveta. Huko kusini mwa Tanzania wanavuna kuanzia mwezi wa tano, Uganda nao wanavuna mwezi wa sita kwenda wa saba. Kwa hivyo yule anayengoja mpaka mwezi wa saba "ipande zaidi" mara nyingi anaikuta imeshageuka. Mwanya mzuri mie naona ni wa nne mpaka katikati ya wa sita. Ukitamaa umekwisha.

Na msinitukane jina langu, dalali pia ni binadamu.

mama_wa_lungalunga
Hamjambo. Mie nina gunia 12 za mahindi hapa nyumbani Lunga Lunga, nimeweka chumba cha nyuma juu ya mbao. Naweza kupata huo mkopo? Mwanangu anataka ada ya chuo. Mahindi ni mazuri ila yalinyeshewa siku moja tukiwa tunavuna, nikayaanika tena yakakauka sawasawa.

mzee_mizani
Mama yangu, hapo nakujibu kwa uchungu kidogo. Gunia 12 peke yake ghala hazitakupokelea kirahisi, inabidi muungane kikundi mpeleke mzigo mmoja. Lakini shida kubwa zaidi ni ile mvua. Mahindi yaliyonyeshewa yakiwa shambani, hasa huku kwetu penye joto na unyevu, yanaweza kuwa na sumu ya kuvu, ile aflatoksini. Ukikausha baadaye kuvu anaacha kukua lakini sumu aliyoiacha haitoki. Haionekani, haina harufu. Ghala linapima kabla ya kupokea, kiwango ni sehemu 10 kwa bilioni kwa aflatoksini zote jumla, ikipita wanarudisha lori zima.

Hii si kitu cha kuchezea, 2004 watu zaidi ya 100 walikufa huko Makueni na Kitui kwa mahindi ya namna hii. Kabla ya kula ama kumuuzia mtu tafuta ofisi ya kilimo Kwale uulize kipimo. Na punje zilizooza, za kijani ama nyeusi, chambua utoe, usimpe kuku.

mama_wa_lungalunga
Yarabi. Kuku nimeshawapa wiki nzima. Nitaenda Jumatano inshallah.

mtanga_halisi
Mimi mzaliwa wa Tanga nipo hapa Mombasa kwa kazi. Stakabadhi ghalani sisi tunaijua zamani, sheria yetu ni ya 2005 na korosho za Mtwara zimepita huko miaka na miaka. Nashauri usiingie, mkulima anachelewa kulipwa, makato kibao, chama kinakata, halmashauri inakata, ghala linakata. Mjomba wangu alikaa miezi anangoja pesa ya korosho.

bi_nuru_tudor
@mtanga_halisi pole kwa mjomba, lakini hiyo ni kitu nyingine inayobeba jina moja. Kule kwenye korosho stakabadhi ni njia ya kuuza, mkulima anapeleka kwa chama, mzigo unaenda mnadani, na hawezi kusema "mie nauza mwezi wa tano". Huku kwa mahindi yetu chini ya sheria ya 2019, mwenye stakabadhi ndiye anaamua siku ya kuuza, na makato ni yale uliyoandikiwa na ghala na benki. Ukishakopa ndo uhuru unapungua, nitafika hapo.

mtanga_halisi
Sawa dada, lakini makato ni makato.

bi_nuru_tudor
Hilo sikatai, na ndo swali la @mkaa_changamwe kusema kweli. Hebu tupige hesabu yake pole pole.

Ukichukua 417,000 kwa 16 kwa mwaka, miezi sita, riba ni 33,360. Ada ya 2 kwa mia ni 8,340, nayo inakatwa mwanzo, kwa hivyo mkononi unapata kama 408,000 ila unalipia riba ya 417. Nafasi ghalani, gunia 186 na kidogo kwa 25 kwa miezi sita, karibu 28,000. Jumla kama 69,700. Gawa kwa gunia zako, ni 374 kwa kila gunia.

Maana yake gunia lisipofika 3,574 wewe umefanya kazi ya benki na ya ghala bure. Likifika 3,574 umerudi pale pale ulipokuwa leo. Faida inaanza juu ya hapo. Na ukilinganisha na dalali wa 2,900 shambani hesabu haiendi mbali, manake yeye angekulipa gunia zote 200 mbichi, hiyo ni 580,000 bila kukausha. Ile tofauti ya 300 kati ya 2,900 na 3,200 imeliwa na maji na draya, ndo watu wengi hawaoni.

Sasa angalia jambo hili. Riba unalipa kwa ulichokopa tu, lakini nafasi ghalani unalipa kwa mahindi yote ukope usikope. Wewe unahitaji 210,000. Ukikopa hiyo tu, riba ni 16,800, ada 4,200, ghala ileile 28,000, jumla 49,000. Kwa gunia ni 263. Kurudi pale pale ni 3,463 badala ya 3,574. Shilingi 111 kwa gunia umeziokoa kwa kutochukua pesa ambazo huna kazi nazo.

kasimu_mtaji
Hapo ndo tunapotofautiana. Pesa haikosi kazi. 200 nyingine ananunua gunia 60 saa hii, zikipanda faida ni yake.

bi_nuru_tudor
Zikishuka hasara ni mara mbili, kwa sababu dhamana inashuka na alichonunua kwa mkopo kinashuka siku hiyohiyo. Kama ungesema anunue kitu kingine chochote ningenyamaza. Lakini wewe ni mfanyabiashara unaangalia bei kila asubuhi, yeye yuko juu ya kontena Changamwe.

kasimu_mtaji
Mie nimefanya hivyo miaka minne na sijaanguka. Wacha kila mtu ashike lake.

mkaa_changamwe
Dada Nuru asante sana, hiyo ya 263 na 374 sikuwa nimeiona kabisa. Lakini nikikopa 210 tu, si benki bado watashika mahindi yote 186?

bi_nuru_tudor
Umeuliza swali zuri kuliko yote. Watashika yote kama stakabadhi ni moja. Benki ikishaandikishwa kwenye daftari la stakabadhi kwamba ina haki juu yake, ghala halitoi hata gunia moja bila benki kuachilia. Hiyo daftari ipo ili mtu asikope benki mbili kwa mzigo mmoja, na ni vizuri, lakini kwako ni kamba.

Kwa hivyo kabla ya kusaini nenda ghalani uwaombe waigawe stakabadhi iwe mbili. Moja ya gunia 100, nyingine ya hizi 86 zilizobaki. Ile ya 100 kwa 3,200 ni 320,000, asilimia 70 yake ni 224,000, inatosha 210 yako. Hiyo ndo peleka benki. Ile ya 86 weka kabatini, haina deni. Mtu wa unga akija mwezi wa nne na lori na bei nzuri, unamuuzia za 86 siku hiyohiyo bila kumwuliza mtu. Na bei ikianguka ukapigiwa simu uongeze, una kitu cha kuongeza. Omba kugawa kabla, si baada, ukishaweka dhamana kugawa ni barua juu ya barua.

mkulima_wa_simu
Hiyo ya kuachilia nataka kuongezea manake iliniuma mwaka juzi. Mie nilikuwa nimeweka gunia zote dhamana. Nikapata mnunuzi, bei nzuri, lori lake limeshafika nje ya ghala. Utaratibu ni mnunuzi analipa kwenye akaunti ya mkopo, benki inakata deni lake, inaandika kuachilia, ghala linatoa mzigo. Kwa maneno ni rahisi. Mnunuzi akasema mie silipi kabla sijaona mzigo ukipakiwa, benki ikasema hatuachilii kabla hatujaona pesa, ghala likasema sisi hatufungui mlango kabla ya benki. Lori lililala siku tatu, dereva akadai pesa ya kulala, siku ya nne mnunuzi akaenda kwa mtu mwingine. Mie niliuza wiki mbili baadaye chini ya bei hiyo kwa shilingi 250 kila gunia.

Baadaye nikajifunza, unawaita benki wiki moja kabla, unawauliza barua ya ahadi kwamba pesa ikiingia kiasi fulani wataachilia siku hiyohiyo, unampa mnunuzi nakala. Mnunuzi mkubwa anaikubali. Mdogo bado anasumbua.

dalali_kongowea
Mdogo ndo mie. Silipi kabla ya kuona mahindi wallahi, nshachomwa.

mkaa_changamwe
@mkulima_wa_simu pole sana kaka. Halafu swali la mwisho jamani, hayo mahindi nitakayotoa ni yangu yale yale ama ni ya mtu mwingine? Kaka ameniambia ati wanamwaga pamoja kwenye silo moja na ya wengine, mie nimepanda mbegu nzuri sitaki kupewa takataka.

mzee_mizani
Yanachanganywa, ndiyo, yale ya daraja moja pamoja. Stakabadhi inakuahidi uzito na daraja, si punje zako zile ulizopanda. Kwenye karatasi kuna daraja limeandikwa. Kama ni la kwanza utatolewa la kwanza. Mbegu uliyopanda haina kazi hapo, mwenye kinu anaangalia punje iliyovunjika, iliyooza, iliyoliwa na dudu, takataka na unyevu.

Ila hilo lina upande wake mzuri. Wadudu wakiingia, dumuzi ama kipekecha, si mahindi yako tu yanayoumwa, ni deni la ghala kukupa uzito na daraja lile lile. Nyumbani kwako dumuzi angekula wewe peke yako. Hakikisha tu bima ya ghala ipo na haijaisha kabla ya mwezi wa sita, ombeni muione tarehe kwa macho.

Na tena, narudia ile ya karatasi ya mizani. Namjua mtu aliweka mahindi godauni ya mtu binafsi isiyo na leseni, akapewa karatasi nzuri yenye mhuri na nembo, akaamini ni stakabadhi. Mwenye godauni akauza mzigo kidogo kidogo akisema atarudisha bei ikishuka. Bei haikushuka. Kesi iko mpaka leo. Stakabadhi ya kweli ina namba na inaonekana kwenye mfumo wa Baraza la Stakabadhi za Ghala, na benki yenyewe itakagua namba hiyo. Benki ikikubali kukopesha juu yake bila kuitafuta namba, hiyo benki ikimbie pia.

mkaa_changamwe
Namba ipo mzee, benki waliitoa wenyewe kwenye kompyuta nikaiona. Daraja wameandika la pili, kaka anasema ni ajili ya punje zilizovunjika.

mzee_mizani
Mashine ya kupukuchua ilikuwa inakimbia sana hiyo. Mwakani punguzeni mwendo na msipukuchue mahindi yakiwa bado 18, punje laini inapasuka. Hapo ndipo daraja lako lilipokwenda. Na tena bei ya 3,200 benki waliyopiga ni ya daraja lipi? Uliza. Kama ni ya kwanza na yako ni ya pili, ukiuza utapata chini ya hapo na hesabu yote ya dada Nuru inahama.

bi_nuru_tudor
Ee hiyo nami sikuiwaza. Kama daraja la pili linauzwa kwa 3,100 sasa hivi, basi unaanza safari ukiwa chini kwa 100 na benki haijui ama inajifanya haijui. Uliza kabla ya kusaini.

mkaa_changamwe
Haya nimetoka simu na benki sasa hivi. Yule dada anasema bei yao ni ya "mahindi" tu hajui ya daraja gani, atauliza meneja. Kaka anaenda ghalani kesho asubuhi kuomba kugawa 100 na 86, wamemwambia aje na kitambulisho na stakabadhi yenyewe, na kuna ada ya kugawa hawajaniambia ngapi. Nikipata jibu nitaleta.

kasimu_mtaji
Mie bado nasema ungechukua zote.

mama_wa_lungalunga
Na mie nimewafungia kuku kwanza. Mmoja amelala lala tangu jana, sijui ni hiyo ama ni joto.